Kutoka Umbea hadi Taarifa ya Siri: Uhakiki wa Chanzo cha Kauli katika Maandishi ya Karani Anayeshuku Udanganyifu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna soga ya karani anayeshuku udanganyifu inavyogeuzwa kuwa taarifa ya siri ya kiofisi. Mazoea ya kufundisha uandishi wa kiofisi huuchukulia ugeuzaji huo kuwa suala la sajili: msamiati wa mtaani uondolewe, kauli ya kutendwa iingizwe, nafsi ya kwanza ifichwe. Makala yanadai kwamba mazoea hayo hayaondoi umbea bali huubadilisha sura tu, kwa kuwa kinachotofautisha umbea na taarifa ni iwapo msomaji anaweza kujua nani aliona nini, wapi na lini. Kwa kulinganisha matini tatu kuhusu kisa kimoja, makala yanaonyesha nafasi ya kauli ya kutendeka, ya njeo na ya viambajengo kama vile *eti* na *kumbe* katika kuficha au kufichua chanzo cha kauli.

1.0 Utangulizi

Karani ndiye mtu wa kwanza kukutana na karatasi. Kabla mkaguzi hajafika, yeye amekwishapokea hati, amezipanga kwa tarehe, amezioanisha na ankara na kuzifungia katika jalada. Kwa sababu hiyo udanganyifu mdogo wa kiofisi mara nyingi huonekana kwanza mezani kwake. Lakini kuona si kuandika. Jambo aliloliona huanza kusemwa kwa mdomo au kwa ujumbe wa simu, kwa mtu anayemwamini, katika lugha ya soga. Likija kuandikwa kwa mkuu wa taasisi, kwa mkaguzi wa ndani au kwa TAKUKURU, hutakiwa kuvaa vazi jingine.

Swali la makala haya ni: vazi hilo linabadilisha nini hasa? Jibu la kawaida katika ufundishaji wetu ni kwamba linabadilisha rejista. Mwanafunzi huambiwa aepuke misimu, aepuke *mimi*, atumie *imebainika* na *inasemekana*, na amalizie kwa *naomba kuwasilisha*. Dai langu ni kwamba jibu hilo ni la hatari. Linazalisha maandishi yanayosikika kuwa rasmi ilhali yamebakiza kasoro kuu ya umbea, nayo ni kauli isiyo na mwenyewe. Hatari yake inamhusu mtu anayetajwa, ambaye huenda hana kosa. Inamhusu pia karani mwenyewe, ambaye siku akiulizwa hataweza kuitetea sentensi aliyoiandika.

Matini tatu zinazojadiliwa hapa zimeundwa kwa ajili ya mjadala huu. Hazitokani na ofisi yoyote halisi. Zote zinahusu kisa kimoja cha mafuta ya gari la ofisi. Mfumo wake ni wa kawaida: ofisi ina akaunti katika kituo cha mafuta, dereva hupewa hati yenye namba, tarehe, namba ya gari, kiasi cha lita na sahihi, kila mwisho wa mwezi kituo hutuma ankara, karani huoanisha hati na ankara kabla ya malipo.

2.0 Umbea na akili iliyomo ndani yake

Matini ya kwanza ni ujumbe wa karani kwa rafiki yake:

"Shosti, nikwambie? Yule baba wa usafirishaji si mtu. Gari limelala gereji wiki mbili nzima juu ya mawe, eti linakunywa mafuta! Lita mia tatu! Kumbe ndo maana anajenga Chanika. Na dereva wake naye wamo wote, hata sahihi kaweka baba mwenyewe, mi mwandiko wake naujua. Mama mmoja wa uhasibu ananiambia mwaka jana ilikuwa hivihivi. Wanakula hawa, hadi wanalamba sahani. Ila usimwambie mtu, nakwambia wewe tu."

Ni rahisi kuidharau matini hii. Kabla ya kuidharau, tuisome. Kiini chake ni sentensi moja: *Gari limelala gereji, eti linakunywa mafuta.* Neno *eti* hapa linafanya kazi ambayo katika baadhi ya lugha, Kituruki kwa mfano, hufanywa na kiambishi cha kitenzi: linaonyesha kwamba kauli inayofuata imetoka kwingine na kwamba msemaji haikubali. Aliyesema kuwa gari linakunywa mafuta si karani, ni hati. Karani ameziweka karatasi mbili kichwani mwake, moja inasema gari liko gereji na nyingine inasema gari limetiwa mafuta, na akaona kwamba haziwezi kuwa kweli zote mbili bila maelezo. Huo ndio uchunguzi wenyewe. Umebanwa ndani ya neno lenye silabi mbili.

*Kumbe* ni kitu kingine. Neno hili huashiria kwamba msemaji amefikia hitimisho linalobadilisha alichokiamini awali. *Kumbe ndo maana anajenga* haielezi kitu kilichoonekana. Inaunganisha vitu viwili vilivyokuwa mbalimbali, hati na nyumba, kwa uzi wa msemaji mwenyewe. Kwa hiyo *eti* na *kumbe*, ambazo mwalimu wa rejista angezifuta zote mbili kwa kalamu moja nyekundu, hazina thamani sawa. Ya kwanza inaelekeza kwenye ushahidi. Ya pili inaelekeza kwenye hukumu.

Tabia nyingine za matini hii zinajulikana. Idadi hupanda: siku kumi na moja zimekuwa *wiki mbili nzima*, lita 260 zimekuwa *mia tatu*. Njeo hupoteza mpaka: *wanakula* haina mwanzo wala mwisho, na kiambishi *-na-* kinalifanya tukio la mwezi mmoja kuwa mwenendo. Umbo la mazungumzo *kaweka*, lenye *ka-* badala ya *ame-*, linalitaja tendo la kuweka sahihi kana kwamba msemaji alilishuhudia, ingawa alichokiona ni wino tu juu ya karatasi. Na kitenzi *kula*, ambacho Kiswahili kimekipa maana ya kufuja mali ya umma kwa muda mrefu, kinataja tendo, nia na kosa kwa mpigo mmoja.

3.0 Urasmi usio na chanzo

Matini ya pili ndiyo ambayo mafunzo ya kawaida humwongoza karani kuiandika:

"Imebainika kuwa kumekuwepo na ubadhirifu mkubwa wa mafuta katika Kitengo cha Usafirishaji, unaofanywa na Mkuu wa Kitengo kwa kushirikiana na dereva wake kwa kutumia hati hewa na sahihi za kughushi. Inasemekana vitendo hivi vimekuwa vikiendelea tangu mwaka jana. Aidha, mtuhumiwa ameonekana kuwa na maisha yasiyolingana na kipato chake. Naomba hatua kali zichukuliwe."

Kisarufi matini hii haina dosari. Kimaudhui ni ujumbe uleule wa kwanza, tena umepoteza kitu cha maana zaidi: gari lililokuwa gereji halimo. Ukinzani wa karatasi mbili, uliokuwa ndani ya *eti*, umefutwa pamoja na *eti* yenyewe. Kilichobaki ni hukumu.

Tuanze na *imebainika*. Sarufi ya Kiswahili hutofautisha kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Katika kutendwa mtenda anaweza kurejeshwa kwa *na*: *hati zilikaguliwa na karani*. Katika kutendeka hilo haliwezekani: *\*imebainika na karani* haikubaliki. Kiambishi *-ik-* kinaueleza ujuzi kama hali iliyojitokeza yenyewe. Kwa hiyo *imebainika* haimfichi tu mjuzi. Inalifanya swali *na nani?* lisiwe na pa kujibiwa ndani ya sentensi. *Inasemekana* hufanya vivyo hivyo kwa msemaji. *Ameonekana* ni hila nyingine ya namna hiyo, kwani haituambii ni macho ya nani yaliyoona wala waliona nini.

Goffman, katika kazi yake ya mwaka 1981 kuhusu namna za usemi, aliigawa dhana ya msemaji katika sehemu tatu: anayetamka, anayetunga maneno na anayebeba dhamana ya kauli. Umbea hustawi pale ambapo mtamkaji anajulikana lakini mwenye dhamana hajulikani: *mimi nimeambiwa tu*. Matini ya pili ina muundo huohuo. Karani ametia sahihi chini ya ukurasa, lakini hakuna sentensi hata moja inayombebesha dhamana. Tofauti ni kwamba katika soga msikilizaji anajua kuwa anasikiliza soga, na huipunguza chumvi kwa kadiri anavyomjua msemaji. Katika ripoti, *imebainika* humwambia msomaji kwamba kupunguza chumvi kumekwishafanyika. Ndiyo maana nasema umbea ulioandikwa kirasmi una madhara makubwa kuliko wa mdomo.

Msamiati nao unahitaji kutazamwa. *Hewa*, kama katika *wafanyakazi hewa*, neno lililotawala mijadala ya orodha za mishahara nchini Tanzania mwaka 2016, limeingia katika lugha rasmi kiasi kwamba halisikiki tena kuwa msimu. Lakini kuiita hati *hewa* ni kudai kwamba mafuta hayakutoka kabisa. Karani hajui hilo. Huenda mafuta yalitoka yakaingia gari jingine. *Kughushi* inadai nia ya kudanganya, na nia haionekani katika wino. *Ubadhirifu* ni hitimisho la uchunguzi, si mwanzo wake. *Mtuhumiwa*, nomino iliyozaliwa na kitenzi cha kutendwa, inadokeza kwamba yuko aliyekwishatuhumu. Katika taarifa ya kwanza kabisa aliyetuhumu ni mwandishi mwenyewe, naye amejificha nyuma ya nomino aliyoiunda. Maneno haya ni rasmi kuliko *wanakula*, lakini si sahihi zaidi.

4.0 Matini iliyoandikwa upya

Matini ya tatu inaanzia mahali pengine: mezani kwa karani.

"SIRI. Kwa Mkaguzi wa Ndani peke yake.

Tarehe 18 Machi, nilipokuwa nikioanisha hati za mafuta na ankara ya kituo, niliona hati nne zilizoandikwa namba ya Gari A. Hati hizo zina tarehe 5, 8, 11 na 13 Machi. Zinaonyesha lita 60, 60, 70 na 70, jumla lita 260. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita iliyo katika ankara, thamani yake ni shilingi 780,000.

Karatasi ya gereji iliyo katika jalada la gari hilo inaonyesha kuwa gari lilipokewa gereji tarehe 4 Machi na kukabidhiwa tarehe 15 Machi. Katika daftari la safari, safari ya mwisho kabla ya matengenezo ilimalizika tarehe 3 Machi, kilomita zikisomeka 148,212. Safari iliyofuata ilianza tarehe 16 Machi, zikisomeka 148,219.

Hati zote nne zina sahihi katika nafasi ya dereva. Kwa macho yangu, sahihi za hati mbili, za tarehe 11 na 13, hazifanani na sahihi ya dereva iliyo katika daftari la safari. Sina utaalamu wa kuchunguza sahihi.

Sikuangalia kama mafuta hayo yalitumika katika gari jingine au katika jenereta. Sijamuuliza dereva wala Mkuu wa Kitengo. Ofisa mmoja wa uhasibu aliniambia tarehe 19 Machi kwamba aliwahi kuona jambo kama hili mwaka jana; mimi sijaziona hati za mwaka jana. Jina lake nitalitaja nikitakiwa.

Nakala za hati, karatasi ya gereji na kurasa mbili za daftari zimeambatishwa. Hati halisi ziko katika jalada la malipo la Machi na sijaziondoa."

Msomaji ataona kwamba neno *wizi* halimo, wala *udanganyifu*. Hata hivyo matini hii ni nzito kuliko ile ya pili. Uzito wake unatoka katika kilomita saba. Gari lililotembea kilomita saba ndani ya siku kumi na tatu, huenda kwenda gereji na kurudi, limeandikiwa lita 260. Karani hakusema kwamba hilo haliwezekani. Ameziweka namba mbili karibu na kumwachia mkaguzi ajionee. Ule ukinzani wa *eti* umerudi, safari hii kwa ukamilifu wake: kila karatasi inasema kwa jina lake na kwa tarehe yake.

Vitenzi vinastahili kuangaliwa. *Niliona, nilipokuwa nikioanisha, sikuangalia, sijamuuliza*: kila tendo la kujua lina nafsi ya kwanza. Mafunzo yanayokataza *mimi* kwa sababu ya unyenyekevu yanamnyima karani kipashio pekee kinachoweza kuibeba dhamana. Kwa upande mwingine, yanayosemwa na karatasi yamepewa karatasi zenyewe: *zinaonyesha, inaonyesha, zina*. Tofauti kati ya *gari lilitiwa lita 60* na *hati inaonyesha lita 60* ni tofauti kati ya tukio na rekodi ya tukio, na kisa chote kimesimama juu ya tofauti hiyo. Njeo pia imegawanyika kwa mpango: *-li-* yenye tarehe kwa alichokifanya karani, *-na-* kwa kilichomo katika karatasi ambazo bado zipo na zinaweza kufunguliwa leo.

Kauli za kukanusha ndizo ngeni zaidi kwa wanafunzi wetu. Wengi huziona kuwa udhaifu: kwa nini karani ataje asichokifanya? Jibu ni kwamba kukanusha ndiko kunakochora mpaka wa kauli ya kuyakinisha. *Sikuangalia jenereta* inamwambia mkaguzi aanzie wapi, na inamlinda Mkuu wa Kitengo dhidi ya hitimisho la haraka, kwa kuwa maelezo yasiyo na hatia yapo: gari la kuazima lililojazwa kwa hati za gari lililo gereji, au madumu ya mafuta ya jenereta yaliyoandikwa katika kifungu kisicho chake. Mambo hayo ni ukiukaji wa taratibu, lakini si wizi.

Kuhusu nyumba ya Chanika, imeachwa. Haikuachwa kwa sababu si muhimu; sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inaitambua mali isiyo na maelezo kuwa jambo la kuchunguzwa. Imeachwa kwa sababu karani hana chanzo chake mkononi. Maneno ya ofisa wa uhasibu yamebakizwa kwa sababu tofauti: yana msemaji anayejulikana, na tarehe, na yamewekewa alama kwamba ni ya kusikia. Kwa hiyo kipimo cha nini kibaki na nini kitoke ni kama njia ya kurudi kwenye chanzo iko wazi. Kusisimua kwa jambo au ubaya wake haukihusu kipimo hicho.

5.0 Siri mbili

Umbea na taarifa zote hudai siri, lakini si siri moja. *Usimwambie mtu, nakwambia wewe tu* ni fomula ambayo kila anayeipokea huirudia kwa anayefuata. Ni kibali cha kusambaza kilichovaa sura ya katazo. *Kwa Mkaguzi wa Ndani peke yake* inataja mpokeaji mmoja kwa cheo, na hivyo ikivuja inajulikana imevuja kutoka wapi. Ya kwanza huunda urafiki kati ya wawili. Ya pili huunda wajibu.

Hapa ndipo hoja yangu kuhusu nafsi ya kwanza inapokutana na kikwazo chake cha kweli. *Niliona nilipokuwa nikioanisha hati* inamtambulisha mwandishi hata asipoandika jina, kwa maana anayeoanisha hati ni mmoja. Karani anayeogopa ana sababu ya kupenda *imebainika*. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015 nchini Tanzania inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema, na maandishi yanayotenganisha alichokiona na alichokisikia ni ushahidi mzuri wa nia hiyo. Lakini sheria haiondoi macho ya wenzake ofisini. Suluhisho la kimatini ninaloliona ni kutenganisha karatasi: moja ieleze mwandishi ni nani na aliwezaje kuona, ya pili ieleze hati zinasema nini. Ya pili inaweza kupita mikono mingi, ya kwanza ibaki kwa mpokeaji mmoja. Kwa njia hiyo chanzo kinalindwa bila kufutwa.

Kuna pia kosa la upande wa pili. Karani aliyeonywa sana dhidi ya kutuhumu anaweza kuandika kwamba *kuna tofauti ndogo za kumbukumbu katika hati za mafuta zinazohitaji kuangaliwa*. Sentensi hii haimdhuru mtu, na haimsaidii mtu. Neno *ndogo* ni hukumu kama *mkubwa* lilivyokuwa hukumu katika matini ya pili, na halina chanzo vilevile. Uangalifu haupimwi kwa upole wa sauti. Lita 260 kwa kilomita saba ziandikwe zilivyo.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba umbali kati ya umbea na taarifa haupimwi kwa ngazi za urasmi. Matini ya pili iko juu kirejista na chini kiushahidi. Matini ya kwanza, kwa *eti* yake, ilikuwa karibu zaidi na hati kuliko ya pili. Athari yake kwa ufundishaji ni ya moja kwa moja. Zoezi la kugeuza soga kuwa ripoti lisianze kwa kubadilisha maneno. Lianze kwa kuipigia kila kauli ya soga mstari na kuuliza: hii niliiona, niliisoma, niliambiwa, au niliiwaza? Zile nilizoziona na kuzisoma ziandikwe kwa tarehe na kwa jina la karatasi. Zile nilizoambiwa ziandikwe pamoja na aliyeniambia. Zile nilizoziwaza zibaki kichwani mpaka mwenye mamlaka ya kuchunguza atakapofika kwenye hitimisho hilo kwa njia yake mwenyewe, au atakapolikataa.